Satelaiti inapigwa breki na hewa halafu inaongeza spidi?? Wajuzi wa anga njooni hapa

Mchungulia_Nyota (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za jioni. Mimi nina mchezo wangu wa kufuatilia ISS, kile kituo cha anga cha kimataifa, huwa nachukua zile namba za obiti zinazowekwa mtandaoni bure, ile mistari miwili wanayoita TLE, naweka kwenye simu najua kitapita saa ngapi juu ya Dodoma. Sasa kwenye mstari wa pili mwishoni kuna namba ya mizunguko kwa siku. Nilipoanza kuiandika ilikuwa 15.49 na videsimali vyake, ikawa inapanda kidogo kidogo kila siku mpaka ikagusa 15.50, halafu juzi ghafla imeshuka tena. Kusoma soma nakuta wamewasha injini wakakisukuma mbele kwa sababu hewa inakipunguza mwendo.

Hapo ndo akili imegoma. Kama hewa inakipiga breki, mizunguko si ilitakiwa ipungue? Na wakikisukuma mbele si ilitakiwa iongezeke? Mbona kila kitu kinaenda kinyume. Halafu hewa gani hiyo kilomita 400 juu.

---

Kichwa_Ngumu

Mkuu usisumbuke, kule hakuna hewa. Kinachokishusha ni mvutano wa dunia, kile kituo kina tani zaidi ya 400 unategemea nini. Kitu kizito lazima kishuke haraka, ndo maana visatelaiti vidogo vinakaa na lile likituo kila baada ya wiki kadhaa lazima lisukumwe. Hizo namba zako ni apu tu inakuchanganya.

---

Bi_Obiti

Kichwa_Ngumu mvutano upo kweli, lakini mvutano peke yake haushushi kitu kwenye obiti, ndo huo huo unaokifanya kizunguke. Mwezi una uzito gani na haujaanguka. Ili kitu kishuke lazima kitu kingine kikinyang'anye nishati, na kwa urefu wa ISS mnyang'anyi ni hewa. Ipo, nyembamba kupita kiasi ila ipo, kwenye kilomita 400 ukigawa kilo moja vipande trilioni, hewa iliyo ndani ya mita moja ya ujazo ni kama vipande viwili vitatu hivi, kutegemea jua limeamkaje. Tatizo ni kwamba kituo kinapita humo kwa kilomita 7.66 kila sekunde na kina mapanga ya sola makubwa mno. Ukipiga hesabu unapata hewa inakirudisha nyuma kwa nguvu kama 0.2 ya nyutoni. Hiyo ni kama uzito wa vijiko vinne vya sukari ukiviweka kiganjani. Kitu cha tani 420 kinasukumwa na vijiko vinne vya sukari, usiku na mchana bila kupumzika, na kinashuka kama mita 70 kwa siku, yaani kilomita mbili hivi kwa mwezi.

Sasa Mchungulia_Nyota apu yako haijakosea, namba zako ziko sawa kabisa na swali lako ni zuri. Obiti ya chini ina mwendo mkubwa kuliko obiti ya juu. Hewa inakikwaza kituo kidogo, kinapoteza mwendo kidogo, kwa hiyo hakiwezi tena kujishikilia pale kilipokuwa, kinateremka. Kinapoteremka mvutano unakiongezea mwendo, na unachoongezewa kwenye mteremko ni mara mbili ya ulichoporwa na hewa. Kwa hiyo hesabu ya mwisho inatoka na spidi iliyozidi. Kikishuka kilomita mbili kinakwenda kasi zaidi kwa kama mita 1.1 kwa sekunde, na njia yenyewe imekuwa fupi, ndo mizunguko inaongezeka. Nishati yote kwa ujumla imepungua ingawa mwendo umepanda, usizichanganye hizo mbili.

---

Fundi_Madishi_Mbagala

Aah kumbe ndo maana!! Mimi fundi madishi huu mwaka wa kumi na, wateja wangu wengi mvua ikinyesha chaneli zinakata, na kuna dishi nilifunga mwaka juzi likawa safi sasa hivi signo imeshuka hadi asilimia 40. Ina maana satelaiti imeshuka chini na mimi natakiwa kulipandisha dishi ama kulishusha? Naomba jibu nina mteja ananisubiri.

---

Bi_Obiti

Fundi hapana, hiyo ya kwako ni habari nyingine kabisa. Satelaiti za TV zipo kilomita 35,786 juu ya ikweta, kule hewa ya kukwaza haipo ya kuhesabika. Hizo nazo zina mafuta na zinawasha injini, ila sababu ni mvuto wa jua na mwezi unaozipindisha kaskazini na kusini. Hazishuki. Dishi lako angalia kwanza kichwa chake na waya kwenye maungio, maji yakishaingia kwenye kikonekta signo inakwenda hivyo hivyo.

---

Fundi_Madishi_Mbagala

Waya nilibadilisha. Nitarudi na picha.

---

Kichwa_Ngumu

Sawa Bi_Obiti tukubali hewa ipo. Bado kizito ndo kitashuka haraka. Fizikia ya sekondari hiyo.

---

Salim_wa_Rongai

Hapo buda umeshika upande usiofaa. Ni kinyume. Kinachoamua ni uzito ukigawanya kwa ukubwa wa uso unaokata hewa. Chukua 1KUNS-PF, ile satelaiti ya kwanza ya Kenya ya Chuo Kikuu cha Nairobi, kiboksi cha sentimita kumi kila upande na uzito kilo moja na ushee. Iliachiwa kutoka ISS yenyewe mwezi wa tano 2018, kwa hiyo siku ya kwanza viwili hivyo vilikuwa urefu uleule. Kile kiboksi kwa uso wake kina uzito kidogo, kinashuka kama mara tatu haraka kuliko kituo. Hakikuwa na injini, na 2020 kikashuka hadi kwenye hewa nzito kikaungua. ISS bado ipo juu kwa sababu mbili, imeshindiliwa uzito na inasukumwa.

Na msiseme ilifeli, wengi huku kwetu walisema hivyo. Ukiachiwa kwenye urefu ule bila injini mwaka mmoja mpaka miwili ndo umri wako, wahusika wanajua tangu mwanzo. Tena wengine wanapenda hivyo, haibaki takataka juu.

---

Mchungulia_Nyota

Bi_Obiti nimekuelewa kuhusu kushuka, nimeisoma mara tatu hadi imekaa. Kwa hiyo wakiwasha injini kwenda mbele, kinapanda, na kikishapanda kinakuwa na spidi ndogo kuliko kabla hawajawasha? Na wanakipandishaje hasa, wanaelekeza injini chini?

---

Bi_Obiti

Ndiyo, spidi ndogo kuliko kabla. Na hapana, hawaelekezi chini. Ukisukuma kwenda juu moja kwa moja unapoteza mafuta tu, obiti inakaa upogo haiinuki. Unasukuma kuelekea unakokwenda.

Tufanye hesabu ya kituo chenyewe. Tuseme kimeshuka kilomita mbili na unataka kuzirudisha. Mwendo wa kuongeza:

```
dv = (v/2) * (da/a)
   = (7660/2) * (2/6790)
   = 1.13 m/s
```

Hiyo 6790 ni umbali kutoka katikati ya dunia, siyo kutoka ardhini. Yaani mwendo wa mtu anayetembea polepole ndo unarudisha kilomita mbili. Wanatumia mara nyingi gari la mizigo la Kirusi, Progress, likiwa limeegeshwa nyuma ya moduli ya Zvezda, lina injini ndogo ndogo ambazo zikiwaka nane pamoja zinatoa kama nyutoni 1,000. Gawanya kwa tani 420, unapata mchapuko wa mita 0.0024 kwa sekunde kila sekunde, kwa hiyo kufikisha hiyo 1.13 unahitaji kama dakika nane. Mafuta yanayoungua ni kama kilo 160.

Waliomo ndani wanaona kitu cha ajabu kidogo. Mtu anayeelea katikati ya chumba bila kushika kitu, injini zikiwaka yeye habanduki alipo ila kituo kinasogea, ndani ya dakika moja ukuta wa nyuma umemfuata zaidi ya mita nne. Kuna video wamejirekodi wakifanya mchezo huo.

Sasa ukiwasha mara moja, pale ulipowashia hapapandi. Unapanda upande wa pili wa dunia, baada ya kama dakika 46, na kule unapanda mara mbili, yaani kilomita nne, wastani ndo mbili. Ukitaka duara lirudi kuwa duara unawasha nusu mara ya kwanza na nusu ya pili ukishafika upande wa pili. Wakati mwingine hawajali, wanawasha mara moja wanaacha obiti ina kaupogo kadogo, hasa kama kabla ya hapo ilikuwa na upogo wa kinyume.

---

Salim_wa_Rongai

Niongeze hapo, siyo kila wakiwasha sababu ni hewa. Mara nyingine wanapanga urefu ili Soyuz inayokuja na watu wapya ikutane na kituo kwa wakati, mara nyingine kuna kipande cha takataka kinapita karibu wanasogea. Kwa hiyo Mchungulia ukiona mruko kwenye namba zako usikimbilie kusema wamefidia hewa. Ukiona hata kituo kimeshushwa badala ya kupandishwa usishangae.

Na kama unataka kuisoma hiyo namba kwa kilomita badala ya mizunguko weka hii kwenye paithoni:

```
n = 15.50
T = 86400 / n
a = (398600.4 * (T / 6.2832)**2) ** (1/3)
print(a - 6378)
```

15.50 inakupa kama 417. Badili iwe 15.49 unaona imepanda karibu kilomita tatu. Hapo sasa andika kila siku, chora grafu, utaona mteremko halafu ngazi, mteremko halafu ngazi. Mwinamo wa mteremko ndo hewa. Ukiona umekuwa mkali ghafla bila mtu kuwasha chochote, angalia habari za jua za siku mbili zilizopita.

---

Dada_Kigoma

Hapo kwenye jua naomba ufafanuzi maana ndo sielewi, jua linahusikaje na hewa ya juu, joto si linakuja huku chini kwetu?

---

Bi_Obiti

Dada_Kigoma mwanga unaotufikia huku unapita kule juu bila kugusana nayo sana. Ila kuna mionzi mikali ya jua, ile ya urujuanimno mkali kabisa na eksirei, ambayo huku haifiki kwa sababu hewa ya juu inaimeza yote. Ikiimeza inapata joto, ikipata joto inavimba kwenda juu. Kwa hiyo kwenye kilomita 400 hewa iliyokuwa chini imepanda ikakufuata. Jua lina mzunguko wa kama miaka 11 wa kutulia na kuchafuka, na kati ya kutulia kabisa na kuchafuka kabisa msongamano wa hewa kwenye urefu huo unaweza kutofautiana mara kumi. Satelaiti ileile, urefu uleule, mwaka huu inashuka mita 30 kwa siku na miaka mitano baadaye mita 150 na zaidi.

Ndo iliyowaponza wenye Skylab, kituo cha anga cha zamani. Marekani waliirusha 1973, watu wa mwisho wakatoka Februari 1974, wakaiacha kwenye kilomita mia nne na thelathini na zaidi wakijua itakaa hadi miaka ya 80 mwanzoni, na shato, ile ndege yao ya anga, itakuwa tayari kwenda kuisukuma juu. Jua likachafuka kuliko walivyokadiria, na shato ikachelewa, imeruka mara ya kwanza Aprili 1981. Skylab haikusubiri, 11 Julai 1979 ilishuka, vipande vikaangukia Bahari ya Hindi na Australia Magharibi. Tani 77. Haikuwa na mtu wala gari la kuisukuma, hilo ndo lililokosekana.

---

Kichwa_Ngumu

Hiyo ya 79 teknolojia ya zamani. Siku hizi haiwezi kutokea.

---

Salim_wa_Rongai

Februari 2022 ni zamani? Starlink walirusha satelaiti 49 tarehe 3, zikaachiwa chini kwenye kilomita 210 kwanza ili zikaguliwe kisha zipande zenyewe kwa injini zao za umeme. Siku iliyofuata dhoruba ya sumaku kutoka kwenye jua ikapiga, na wala haikuwa dhoruba kubwa. Kampuni yenyewe ilisema ukinzani wa hewa ulipanda hadi asilimia 50 kuliko safari zao za nyuma. Wakazigeuza zikae ubavu ubavu zikate hewa kwa ukingo, ila zikakwama kwenye mkao huo zikashindwa kuanza kupanda. Karibu 40 zikaungua. Injini zilikuwepo na mafuta yalikuwepo, nguvu ya injini ndo ilikuwa ndogo kuliko hewa ya siku ile.

---

Mwana_wa_Ngomeni

Salaam aleikum jamaa. Nyinyi mwazungumza hewa ya juu na satelaiti mwazitaja za Marekani, na kipimo chenyewe cha hewa hiyo kilirushwa hapa kwetu Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Zile nguzo ziko baharini za Waitaliano, San Marco, mpaka leo waziona ukiwa ufuoni. Aprili 1967 walirusha San Marco 2 kwa roketi ya Marekani ya Scout, na kazi yake ilikuwa hiyo hiyo, kupima hewa ya juu ya ikweta. Profesa wao Luigi Broglio alitengeneza satelaiti ndani yake mna kitu kizito na nje mna ganda jepesi, vimeunganishwa na mikono inayonyumbuka. Hewa ikilisukuma ganda, lile la ndani zito halisogei upesi, basi kile kitofauti ndicho wapimacho. Yaani satelaiti yenyewe ni mizani. Wakarudia tena 1971 na 1974, na ya mwisho ya namna hiyo 1988.

Na zilishuka kwa hewa hiyo hiyo waliyoipima. San Marco 2 ilimaliza mwaka huo huo wa 67, mwezi wa kumi.

---

Bi_Obiti

Waaleikum salaam Mwana_wa_Ngomeni, asante sana kwa hili. Uzuri wa mizani ile ni kwamba kabla yake mara nyingi watu walikuwa wanakadiria hewa kwa kuangalia satelaiti imeshuka kiasi gani baada ya siku nyingi, unapata wastani tu. Ile ilikuwa inahisi hewa papo hapo ikipita sehemu ya chini ya obiti yake. Mpaka leo njia zote mbili zinatumika.

---

Dada_Kigoma

Swali jingine basi. Kama kilomita 400 ni shida hivi, kwa nini wasikipeleke hicho kituo kilomita 600 au 800 wapumzike kubusti kila mara? Mafuta yote hayo ya kupeleka huko si hela.

---

Bi_Obiti

Waliwahi kukipandisha kweli, ila siyo hadi huko. Zamani kilikuwa kinakaa kama kilomita 350 kwa sababu shato ilikuwa inabeba mizigo mizito ya kukijenga na kila kilomita ya ziada inaipunguzia mzigo. Shato ilipostaafu 2011 wakakipeleka kama 400. NASA walitoa hesabu yao kwamba kule chini kingekula karibu tani 8.6 za mafuta kwa mwaka na huku juu tani 3.6 hivi, ndani yake mna ya kubusti na mengine. Kwa kilomita hamsini tu. Lakini ukiendelea kupanda faida inapungua na gharama nyingine zinaanza, magari yanayokuja yanabeba kidogo zaidi, mionzi inawapiga watu zaidi, na kwenye 800 takataka hazishuki zenyewe kwa miaka mingi mno, kwa hiyo unahamia kwenye mtaa mchafu. Hewa ya 400 ni kero ila ndo inafagia.

---

Kichwa_Ngumu

Mimi bado naona wangekipandisha tu mara moja wakiache kiwe kumbukumbu, badala ya kukiangusha baharini baada ya 2030. Pesa ya gari la kukiangusha wamewapa SpaceX mkataba wa hadi dola milioni 843, si ingetosha kukipandisha?

---

Salim_wa_Rongai

Piga hesabu ya Bi_Obiti hapo juu. Kilomita mbili ni kilo 160. Ukitaka kilomita 200 ni kama tani 16 za mafuta, na bado hujapeleka tenki lenyewe huko juu. Halafu baada ya kukiacha, hakuna mtu wa kukwepa takataka, bolti zinazeeka, kikigongwa kinakuwa vipande maelfu kwenye urefu ambao hautavifagia upesi.

---

Kichwa_Ngumu

Tani 16 ni mizigo michache tu ya roketi kubwa za sasa. Kukiangusha nako kunahitaji mafuta mengi. Hujanishawishi.

---

Salim_wa_Rongai

Hilo la mafuta ya kukiangusha ni kweli, nalo ni la tani kadhaa. Kwenye hela tunaweza kubishana hadi asubuhi, kwenye takataka siachii.

---

Mchungulia_Nyota

Nimeendesha ile mistari ya paithoni ya Salim kwa namba zote nilizoandika. Mteremko wangu unatoka kama mita 85 kwa siku, ila kuna siku tatu katikati umekuwa zaidi ya 120 halafu ukarudi. Hakuna mruko wowote wa kuwasha injini hapo katikati. Hii ni jua au mimi nimekosea kunakili?

---

Bi_Obiti

Inaweza kuwa jua, inaweza pia kuwa wamegeuza mapanga ya sola. Usiku kituo kikiwa kivulini wana mtindo wa kuyalaza yakate hewa kwa ukingo, na wakati wa kazi fulani hawawezi kuyalaza, uso unakuwa mkubwa. Weka hapa tarehe za hizo siku tatu, tulinganishe na namba za Kp, kile kipimo cha dhoruba za sumaku. Zikipanda pamoja ni dhoruba, zisipopanda tutafute kwingine. Na chukua TLE zaidi ya moja kwa siku, ile moja moja ina makosa yake, tofauti ya siku mbili jirani inadanganya kirahisi.

---

Fundi_Madishi_Mbagala

Picha ya kikonekta hiyo hapo. Kimeoza kijani. Mteja kaondoka.